Uzi Upi Umenyooka?

Leo tuko kwenye kazi ya mikono, na ninaomba radhi mapema kwa wasikilizaji ambao mikono yao iko kwenye usukani.

Katika nyumba nyingi za huku kwetu Kitale na Bungoma, ukikaribishwa sebuleni utakalia kochi lenye vitambaa vya krosheti, vyeupe au vya rangi ya maziwa, vilivyopigwa pasi na kutandazwa hadi kwenye mikono ya kiti. Krosheti tunaijua. Ila kuna kazi nyingine inayofanana nayo kwa mbali, ambayo hutokea kwenye ukingo wa leso au kwenye kola ya gauni la ubatizo la mtoto: pete ndogondogo za uzi zilizoungana, ngumu kidogo ukizigusa, na zimejaa vitanzi vidogo pembeni. Hiyo haifumwi kwa ndoano. Ni mafundo matupu. Inaitwa tatingi, na chombo chake ni shato. Sisemi ile shato iliyo chini ya cherehani ya fundi. Hii ni kidude kidogo cha mkononi kilichochongoka pande mbili, unachozungushia uzi na kukipitisha kwa vidole.

Mwezi uliopita dada mmoja wa Bungoma, fundi hodari wa krosheti, aliniletea pete yake ya kwanza ya tatingi ndani ya bahasha. Alikuwa amefunga mafundo ishirini, vitanzi vitatu, yote yamepangika vizuri. Alipovuta uzi ili pete ijifunge, ilikataa. Akavuta zaidi, uzi ukakatika. Aliniambia, "Senge, nilifuata picha za kitabu hatua kwa hatua. Shato ilipita chini pale iliposemwa ipite chini, na ikapita juu pale iliposemwa ipite juu." Na ilikuwa kweli, njia ya shato alikuwa ameipatia. Lililomponyoka ni jambo ambalo picha haiwezi kulionyesha vizuri, kwa sababu halikai mahali pamoja. Ni mwendo, na ni wa sekunde moja tu.

Kwa hiyo leo nataka tuzungumze juu ya sekunde hiyo.

Tuanze na ng'ombe. Mchungaji anapofunga kamba kwenye nguzo, kamba huzunguka nguzo mara moja upande huu, kisha mara ya pili kwa upande wa kinyume, na ncha zote mbili zikatokea mbele, pamoja. Nguzo haifanyi chochote, imesimama wima. Kamba ndiyo iliyojipinda. Sasa fundo la tatingi ni hilohilo, halina tofauti hata kidogo. Lina nusu mbili, nusu ya kwanza na nusu ya pili iliyo kinyume chake, na mimi huliita fundo pacha. Uzi mmoja ndio kamba, na mwingine ndio nguzo. Pete hujifunga kwa sababu nguzo imenyooka ndani ya mafundo yote ishirini, hivyo ukiivuta inateleza na mafundo yanasogeleana. Fundo moja tu likikosea, yaani nguzo ikijipinda kuizunguka kamba, hapo pamefungwa kufuli. Hutavuta kitu.

Ugumu wa tatingi unatokana na jambo la ajabu kidogo. Uzi ulio na shato ndio unaosafiri, ndio unaopita chini na juu, kwa hiyo kila mtu anadhani huo ndio kamba. Na kweli, shato inapomaliza kupita, uzi wake ndio umejipinda kuuzunguka ule mwingine. Lakini fundo sahihi linataka kinyume chake: uzi wa shato uwe nguzo. Basi lazima pinda ihame. Iondoke kwenye uzi wa shato na kurukia uzi ulioshikwa na mkono wa kushoto.

Redio haina picha, lakini nyumbani una kamba za viatu. Chukua mbili, nyeusi na nyeupe. Mwombe mtoto aishike nyeupe kwa mikono miwili, ilegee kidogo katikati. Pitisha nyeusi chini ya nyeupe, irudi juu yake, kisha uingize ncha yake kwenye nafasi iliyo kati ya kamba hizo mbili. Tazama: nyeusi imeizunguka nyeupe. Sasa shika nyeusi kwa ncha zote mbili, mwambie mtoto alegeze mikono kabisa, halafu wewe vuta nyeusi inyooke. Utaona nyeusi inakuwa fimbo na nyeupe inajikunja juu yake. Hukufungua kitu wala hukufunga upya. Ulichobadilisha ni nani amekaza na nani amelegeza. Sasa fanya kinyume: legeza nyeusi, mtoto akaze nyeupe, na pinda itarudi ilikotoka. Rudia hivyo mpaka uone kwamba ile iliyokazwa ndiyo inayonyooka kila mara. Nikimfundisha mtu, hatugusi shato kabla ya mchezo huu, na sioni haja ya kuomba radhi kwa hilo.

Sasa vifaa. Shato za dukani hazipatikani kila mahali, lakini shato bapa inatengenezeka nyumbani. Kadi ya benki iliyokwisha muda ina urefu wa sentimita 8.6 na upana wa 5.4. Ikate katikati kwa urefu upate vipande viwili, na wakati huohuo ukatekate pia namba zake kwa mkasi. Kila kipande kichonge kiwe chembamba kwenye ncha, kisha toboa mkato wa ndani kila ncha, kama nusu sentimita upana na sentimita moja na nusu kwenda ndani, ili uzi ukae humo. Piga msasa kingo zote hadi zisishike uzi. Uzi wenyewe uwe wa pamba wa krosheti, namba 10 kwa anayeanza, ule uliosokotwa vizuri na unaong'aa kidogo. Sufi ya sweta ina manyoya, nayo manyoya hushikana, kwa hiyo pinda haitaruka hata ukiwa fundi. Zungusha kama mita tatu au nne kwenye shato, uzi usizidi kingo zake.

Neno dogo juu ya mikono. Aliyetoka kupukuchua mahindi Kitale ana vidole vilivyokwaruzika, na uzi utanasa kwenye ngozi. Paka mafuta ya kukamulia, yafute, kisha uanze. Bungoma kuna joto zaidi, na jasho la vidole huvuta uzi vilevile. Nawa mikono, kausha, na ukianza kuhisi uzi unakwama, usikaze, nenda ukanawe tena.

Tufike kwenye pete. Tutafunga mafundo pacha matano, kitanzi, matano, kitanzi, matano, kitanzi, matano. Jumla ishirini na vitanzi vitatu. Kwa uzi namba 10 pete itakuwa na upana wa karibu sentimita moja na nusu, bila kuhesabu vitanzi.

Legeza kama sentimita 40 za uzi kutoka kwenye shato. Bana ncha ya uzi kati ya kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kushoto, ukiacha mkia wa sentimita kumi hivi. Upitishe uzi nyuma ya vidole vitatu vilivyobaki, uzunguke, urudi ubanwe palepale na kidole gumba. Sasa una mzingo mkononi. Tuuite uzi wa mkono, ingawa kwa pete ni uzi uleule mmoja unaoendelea hadi kwenye shato. Anayetumia mkono wa kushoto abadilishe pande zote nitakazotaja.

Nusu ya kwanza: shato iko bapa kati ya gumba na shahada vya mkono wa kulia, na uzi wake umeinuliwa ukalala juu ya mgongo wa mkono huo. Pitisha shato chini ya uzi wa mkono, pale palipo wazi kati ya kidole cha shahada na cha kati cha kushoto. Usiiachie shato. Uzi utateleza kati ya shato na kidole chako. Kisha irudishe juu ya uzi huo, na ule uliokuwa mgongoni uteleze uanguke. Pinda imepatikana, lakini iko kwenye uzi usiotakiwa.

Pinda inapofika hapa, katika nusu yoyote, ndipo dada wa Bungoma aliposahau kusimama. Alivuta mikono yote miwili kwa pamoja, kama mtu anayekaza kamba ya kiatu, na fundo likajifunga lilivyokuwa. Wewe usivute. Kunja kidole cha kati cha kushoto ili mzingo ulegee kabisa, uwe umening'inia. Halafu mkono wa kulia peke yake unyooshe uzi wa shato kwenda kulia, polepole, mpaka ukaze. Utahisi kitu kama mdundo mdogo kwenye vidole: pinda imeruka. Sasa mkono wa kulia utulie hapohapo, umekaza, usisogee mbele wala nyuma. Ni kidole cha kati cha kushoto tu kinachoinuka, na kikiinuka kinaisukuma ile nusu iteleze juu ya uzi wa shato hadi kwenye gumba. Ibane.

Nusu ya pili ni nyepesi kidogo. Uzi wa shato usiinuliwe, uache uning'inie chini. Pitisha shato juu ya uzi wa mkono, kisha uirudishe chini yake, itokee kati ya nyuzi mbili. Kisha ni yaleyale: kushoto legeza, kulia kaza, pinda iruke, kulia tulia, kushoto inua, bana. Nusu mbili zikiketi pamoja utaona vijiti viwili vilivyosimama na kijiti kimoja kimelala juu yao. Hilo ni fundo moja, lihesabu moja.

Kitabu cha kazi za mikono cha Therese de Dillmont, kilichotoka Ulaya mwaka 1886, kina sura nzima ya tatingi, na humo anasisitiza jambo hilihili la uzi wa mkono wa kulia kukazwa daima. Waandishi wengi waliofuata wametumia kurasa kuchora njia ya shato, wakaiacha hii kama nyongeza. Kwa maoni yangu wamegeuza mambo. Mtu anayekosea njia ya shato huona kosa lake mara moja, kwa kuwa uzi unafunguka mikononi. Mtu asiyerusha pinda haoni kitu mpaka dakika ya mwisho, kama yule dada.

Ila si lazima kusubiri dakika ya mwisho. Kuna njia za kujua mapema, nami naziamini kuliko macho. Ya kwanza ni kuvuta kidogo uzi wa shato baada ya kila nusu, uone kama fundo linasogea. Likisogea hata kwa milimita, nguzo imenyooka. Likigoma, chukua pini, ulegeze nusu hiyo sasa hivi, maana ingali moja. Njia ya pili huja yenyewe. Kila fundo hula uzi wa mzingo, na baada ya mafundo sita au saba mzingo utaanza kubana vidole. Shika uzi wa mzingo chini ya fundo la kwanza uuvute taratibu, na mafundo yakiwa huru, uzi wa shato utaingia ndani na mzingo utapanuka. Usipopanuka, kuna kufuli mahali fulani nyuma yako, na kuendelea ni kujidanganya.

Kwa anayejifunza kuna mbinu bora zaidi, lakini haitoi pete, inatoa ukanda tu. Funga pamoja ncha ya uzi mwekundu na ya uzi mweupe. Mwekundu uwe kwenye shato. Mweupe usiufanye mzingo, uzungushe tu nyuma ya vidole vya kushoto na uviringe mara mbili kwenye kidole cha mwisho ili usiteleze. Fanya mafundo kumi. Pinda zikiruka zote, ukanda wako utakuwa mweupe, na mwekundu utaonekana kwenye ncha tu. Ukiona nundu nyekundu mahali, hiyo ndiyo nusu isiyoruka, na unaweza kuitaja kwa namba: fundo la nne, nusu ya pili. Yule dada alipofanya hivi tuligundua kwamba nusu zake za kwanza karibu zote zilikuwa sawa. Zilizogoma ni za pili. Sababu yake ni kwamba nusu ya pili inapomalizika mkono tayari unakimbilia fundo lijalo, na kidole cha kati kinainuka kabla ya kulia kukaza.

Kosa jingine halifungi kufuli, lakini linaharibu sura. Mtu anasimama kuitikia hodi, anarudi, hajui alikuwa kwenye nusu gani, anafanya ya kwanza tena. Nusu mbili za upande mmoja zikifuatana hazilali pamoja, na zikifuatana nyingi mstari wote unajizungusha kama unapotoka. Wapo wanaofanya hivyo makusudi, wakapata pambo liitwalo fundo la Josefina. Lakini kwenye pete yetu ni dosari. Ukirudi kutoka mlangoni, tazama fundo la mwisho kabla ya kugusa shato. Ukiona kijiti kimoja tu bila mwenzake, bado unadaiwa nusu ya pili.

Kitanzi hakihitaji fundo jipya. Baada ya mafundo matano, fanya nusu ya kwanza ya fundo la sita, lakini usiisukume hadi kwenye mafundo mengine. Ibane ikiwa mbali nayo kama sentimita moja, umalizie nusu ya pili papo hapo, halafu lisukume fundo zima hadi liguse la tano. Uzi uliokuwa katikati utapanda juu ukawa kitanzi chenye kimo cha nusu sentimita, maana umekunjwa mara mbili. Lile fundo la sita ni la kwanza katika tano zinazofuata, na kitanzi chenyewe hakihesabiwi. Hapa watu wengi hupata mafundo 23 badala ya 20, wakashangaa pete moja ni kubwa kuliko nyingine.

Ukifika ishirini, toa vidole kwenye mzingo. Panga mafundo yatazame upande mmoja, yasijisokote. Yashike kwa upole, usiyabane, na uvute uzi wa shato kwa mnyooko mmoja hadi fundo la kwanza liguse la ishirini. Pete imefunga. Usivute zaidi ya hapo, maana pete inakunjamana iwe kama kikombe na haitalala bapa hata ukiipiga pasi. Na ukiona kwamba umekosea hesabu baada ya kufunga, fikiria vizuri kabla ya kuanza kuifungua. Inawezekana, kwa kutenganisha mafundo penye kitanzi na kuvuta uzi wa ndani kwa pini kidogokidogo, lakini kwa pete ya mafundo ishirini mimi hukata na kuanza upya, hasa kama ni uzi wa bei nafuu.

Pete ya pili huanzia hapo ilipofungwa ya kwanza. Acha uzi mtupu kama nusu sentimita, tengeneza mzingo mpya, funga mafundo matano. Mahali pa kitanzi cha kwanza huweki kitanzi kipya, unaunga na kitanzi cha mwisho cha pete iliyotangulia. Kabla ya katikati ya karne ya kumi na tisa pete zilitengenezwa moja moja na kushonwa kwa sindano. Kuunga kwa vitanzi kulienea pamoja na vitabu vya wakati huo, vikiwemo vya Eleonore Riego de la Branchardière vya miaka ya 1850 na 1860. Weka kitanzi cha zamani juu ya uzi wa mkono, ingiza ndoano nyembamba ya krosheti, uvute uzi wa mkono utokee juu kama tundu, pitisha shato ndani ya tundu hilo, kisha uinue kidole cha kati mpaka tundu lifyonzwe na kubana. Mpigo huu ni tofauti na mingine yote: pinda hairuki, kwa sababu tangu mwanzo ni uzi wa mkono uliojikunja na uzi wa shato umepita ndani yake. Ukiurusha kwa mazoea unaweka kufuli. Kwa hiyo baada ya kuunga, na kabla ya fundo la sita, vuta uzi wa shato kidogo uone kama bado unateleza.